Simu Inapoukataa Uso Wako

Ndugu mwanafunzi, dada yetu mmoja alisahau neno la siri la akaunti yake, akatakiwa ajirekodi video akigeuza uso kulia na kushoto. Kwanza skrini ilikuwa nyeusi tu. Kumbe aliwahi kuinyima programu ile kamera mara mbili, na Android tangu toleo la 11 haiulizi tena. Ruhusa huwashwa kwenye mipangilio ya simu. Kisha alilipa dirisha mgongo, uso ukawa kivuli. Akaligeukia dirisha, uso ukapita. Likabaki jina: akaunti ilisajiliwa Ummu Salma, kitambulisho kina jina alilopewa na wazazi. Hapo mwanga haukumsaidia, na jina hurekebishwa ukiwa bado ndani ya akaunti.