Vitu Viwili Vinatosha Kuangusha Hoja

Mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili, kile kinachoitwa kwa jina la Nikomako, Aristotle anasema kwamba kila tendo na kila ufundi hulenga jema fulani. Papo hapo anaendelea kuzungumzia jema moja ambalo vitu vyote hulilenga. Wachambuzi wengi wamelisimamisha gari hapo. Kila tendo linaweza kuwa na lengo lake bila kuwapo lengo moja la matendo yote, kama vile kila mtoto wa shule ana mama bila kuwapo mama mmoja wa shule nzima. Wapo wanaomtetea na kusema hakukusudia kuitoa kauli ya pili katika ya kwanza. Ugomvi huo hauhitaji kuamuliwa hapa. Kinachohitajika ni kujua namna ya kuonyesha, pasipo shaka wala kelele, kwamba kauli ya pili haitokani na ya kwanza.

Tatizo la mfano wa akina mama ni kwamba mbishi hupata pa kutokea. Atasema mama ni jambo jingine na maadili ni jambo jingine. Ndiyo maana wanamantiki huivua hoja nguo zake zote. Badala ya "hulenga" wanaweka herufi R, na badala ya matendo na malengo wanaweka x na y. Mifupa inayobaki ni hii:

```
∀x∃y R(x,y)
∴ ∃y∀x R(x,y)
```

Mstari wa juu ndio dai la awali: kila x ina y fulani ambayo x ina uhusiano R nayo. Wa chini ndio hitimisho: kuna y moja ambayo kila x ina uhusiano R nayo. Alama ni zilezile, mpangilio ndio uliogeuka.

Katika mantiki, hoja huitwa halali pale tu ambapo haiwezekani kabisa madai yake ya awali yawe kweli na hitimisho lake liwe uongo, hata R ikipewa maana gani na hata x na y zikitafutwa katika kundi gani la vitu. Sharti hilo ni kali mno, na ukali wake unamsaidia anayepinga. Anayetaka kuthibitisha uhalali ana kazi ya kuzikabili maana zote zinazowezekana. Anayetaka kuthibitisha ubatili anahitaji moja tu. Atachagua kundi la vitu, ambalo linaweza kuitwa ulimwengu, ataeleza R inashika vitu gani na vitu gani, kisha ataonyesha kwamba katika ulimwengu huo dai la awali ni kweli na hitimisho ni uongo. Akimaliza hapo, mjadala umekwisha.

Basi ulimwengu uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Ukiwa na kitu kimoja tu, tukiite 1, R ina njia mbili: ama 1 ina uhusiano na yenyewe, ama haina. Ikiwa nao, dai la awali ni kweli, na hitimisho nalo ni kweli, kwa sababu "vyote" hapo ni kimoja. Ikiwa haina, yote mawili ni uongo. Hakuna mwanya. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa mapema na kutangaza kwamba hoja ni halali, kumbe wamejaribu ulimwengu mmoja tu, tena ule ambamo "kila" na "kuna" hazitofautiani.

Sasa viongezwe viwe viwili, 1 na 2. Njia nzuri ni kuanzia mwisho, yaani kuliua hitimisho kwanza. Ili hitimisho liwe uongo, 1 isilengwe na wote, na 2 nayo isilengwe na wote. Kila kimoja kikose angalau mshale mmoja wa kukifikia. Kisha dai la awali liokolewe: kila kimoja kitoe angalau mshale mmoja. Jibu linajitokeza lenyewe. 1 ielekee 2, na 2 ielekee 1, basi. Kila kitu kina kinachokilenga, kwa hiyo dai la awali ni kweli. Lakini 1 hailengwi na 1, na 2 hailengwi na 2, kwa hiyo hakuna kinacholengwa na wote. Hitimisho ni uongo. Hoja ni batili.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu zaidi. Vitu viwili vinaunda jozi nne: 1 na 1, 1 na 2, 2 na 1, 2 na 2. Kila jozi ama imo ndani ya R ama haimo, kwa hiyo kuna aina 16 za R kwa jumla. Dai la awali ni kweli katika 9 kati yake. Hitimisho ni kweli katika 7, na hizo 7 zote zimo ndani ya zile 9. Zinabaki 2 tu zinazovunja hoja: ile iliyokwisha kutajwa, na nyingine ambamo kila kitu kinajielekea chenyewe na si kingine. Mtu akibahatisha, atakosa mara nyingi kuliko atakavyopata. Lakini vitu vikiwa vitatu, aina za R hufika 512, na zinazovunja hoja ni 174, zaidi ya theluthi. Mwanya uliokuwa tundu la sindano umekuwa mlango. Hata hivyo ule wa vitu viwili ndio bora kwa kuandika, kwa kuwa msomaji anaweza kuukagua wote kwa kidole.

Kazi ya kukagua hivyo haina haja ya kufanywa na binadamu. Programu ya Mace4, iliyoandikwa na Mmarekani William McCune, hufanya hivyohivyo: hupewa madai na hitimisho, kisha huzunguka katika walimwengu wadogo ikianzia kawaida na wa vitu viwili, hadi ipate unaovunja hoja. Hoja ya Aristotle huandikwa hivi:

```
formulas(assumptions).
  all x exists y R(x,y).
end_of_list.
formulas(goals).
  exists y all x R(x,y).
end_of_list.
```

Mbinu yenyewe, kwa bahati ya kuchekesha, asili yake ni huyohuyo Aristotle. Katika vitabu vyake vya mantiki, alipotaka kukataa umbo la hoja, alileta majina yaliyochaguliwa vizuri. Kila binadamu ni mnyama, na hakuna farasi aliye binadamu. Je, hakuna farasi aliye mnyama? Madai yote mawili ni kweli, hitimisho ni uongo, na umbo hilo limekwisha. Akabadilisha farasi kwa jiwe ili kuonyesha kwamba hata kinyume chake hakitokani na madai hayo, kwa sababu jiwe si mnyama. Alichokosa ni alama za kushughulikia "kila" iliyo ndani ya "kuna". Hizo zilisubiri hadi mwaka 1879, Mjerumani Gottlob Frege alipozitoa.

Mahali ambapo mbinu hii inauma zaidi ni pale uthibitisho wa uongo unapoonekana safi. Chukua hoja hii maarufu ya madarasani. Uhusiano R ni wa pande mbili: kitu kikiwa nao kwa kingine, kingine nacho kinao kwake. Tena unapokezana: a ikiwa nao kwa b, na b kwa c, basi a inao kwa c. Kwa hiyo kila kitu kina uhusiano huo na chenyewe. Mwanafunzi huandika kwa kujiamini: a ina R na b, basi b ina R na a, basi a ina R na a. Kila hatua inaonekana sawa.

Jibu ni ulimwengu wa kitu kimoja, 1, ambamo R haishiki chochote. Je, ni wa pande mbili? Ndiyo, kwa kuwa dai linasema "ikiwa" na hakuna jozi ya kulivunja. Unapokezana? Ndiyo, kwa sababu ileile. Kila kitu kina R na chenyewe? La, 1 haina. Wasomaji wapya huona kama wamechezewa shere hapa, na malalamiko yao yanaeleweka. Lakini ulimwengu huo unaonyesha hasa kosa lilipo: mwanafunzi alianza na b bila kuuliza kama b ipo.

Makosa ya mpingaji nayo hayana budi kutajwa. La kwanza ni kubadilisha maana ya R katikati, ikawa hii kwenye dai na ile kwenye hitimisho. La pili ni kuliangusha hitimisho na, bila kujua, kuliangusha na dai mojawapo. Kwa hiyo kila dai likaguliwe upya, moja moja, baada ya ulimwengu kukamilika.

Na kuna mpaka ambao udogo hauwezi kuuvuka. Tuseme uhusiano unapokezana, na kila kitu kina kingine ambacho kina uhusiano huo nacho. Je, lazima kuwe na kitu chenye uhusiano huo na chenyewe? Katika ulimwengu wowote wenye vitu vinavyohesabika vikaisha, jibu ni ndiyo: mnyororo ukisonga mbele hatimaye utarudi kwenye kitu ulichokwisha pitia, na kupokezana kutakirudisha kwa chenyewe. Mace4 inaweza kutafuta hadi kesho. Lakini chukua namba 0, 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho, R iwe "ni ndogo kuliko". Unapokezana, kila namba ina iliyo kubwa kuliko yenyewe, na hakuna namba iliyo ndogo kuliko yenyewe. Hoja ni batili, na hakuna ulimwengu mdogo utakaolionyesha hilo.

Kwa hoja ambazo viarifu vyake huhusu kitu kimoja kimoja, kama "ni mnyama" au "ni mvuvi", hatari hiyo haipo. Tangu kazi ya Leopold Löwenheim ya mwaka 1915 inajulikana kwamba hoja za namna hiyo zina njia ya hakika ya kuzipima: viarifu vikiwa viwili, ulimwengu wa vitu vinne unatosha, vikiwa vitatu, wa vitu vinane. Usipopatikana ndani ya kiwango hicho, hoja ni halali. Uhusiano kama R ukiingia, kiwango hicho hupotea. Mwaka 1936 Alonzo Church, na muda mfupi baadaye Alan Turing, walithibitisha kwamba hakuna njia ya kimashine inayoweza kuamua kila hoja ya aina hiyo. Kutopata ulimwengu wa kuivunja hoja, basi, si ushahidi kwamba haupo.

Msomaji mwenye penseli anaweza kurudi kwenye zile aina mbili za R zilizovunja hoja ya Aristotle na kuongeza dai jipya la awali: kwamba R inapokezana. Moja itaanguka na nyingine itasimama, na iliyosimama inatosha kuonyesha kwamba hata kwa msaada huo hoja bado ni batili.