Ufa Hauzibwi Kabla ya Kupimwa

Methali yatuhimiza kuziba ufa, lakini mwenye nyumba wa Baba Dogo anayeupaka rangi kabla ya kuupima huficha ugonjwa tu. Hata picha ya ufa peke yake haitoshi. Auwekee rula, kisha aupige pamoja na ukuta mzima.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, aghalabu ni za plasta iliyokauka upesi. Abandue plasta kidogo: ufa ukikomea hapo, nyumba i salama. Ukiingia katika mawe na kupanda kama ngazi, ukazidi milimita 5, au milango ikaanza kukwama, mhandisi aitwe. Ufa wa nguzo usingojee kipimo. Huruma, jirani yetu, jengo la ghorofa liliporomoka Aprili 2016, likaua watu wapatao 50.