Tangazo la redio linapogeuzwa kuwa video: mfano wa ndovu Mbololo

Chukua mfano wa tangazo la redio la sekunde 30 linalowaonya wakazi wa Mbololo, wanaopakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki. Linaanza kwa mlio wa ndovu na mbwa kubweka, kisha sauti ya mama: "Ndovu wameingia shambani! Mahindi yote yamelala chini! Watoto, msitoke nje!" Msimulizi anaeleza la kufanya na kutaja nambari ya simu mara mbili.

Ukibandika sauti hiyo juu ya picha za ndovu, video haitafaa. Wengi hutazama simu wakiwa wamezima sauti, kwa hivyo mlio na kilio cha mama havitawafikia. Ni lazima maandishi yabebe ujumbe peke yake.

Kazi huanza kwa kupunguza. "Mahindi yote yamelala chini" iliwasaidia wasikilizaji wasioona shamba. Kwenye video picha itasema. Nambari nayo haihitaji kurudiwa, bali ikae kwenye skrini sekunde 5 za mwisho ili mtu aweze kuinakili. Maneno ya redio, karibu 60, yanaweza kushuka hadi 35.

Kisha maandishi yagawanywe, yasizidi mistari miwili kwa wakati mmoja:

Ukiona ndovu karibu na boma,
usimkaribie wala usimrushie mawe.

Hizo ni takriban herufi 60. Msomaji wa kawaida husoma herufi kama 15 kwa sekunde, kwa hivyo yakae sekunde 4. Yafuatayo ni "Kaa ndani. Piga simu KWS au mwarifu chifu." Ukimpa mtu asiyejua tangazo hilo asome kwa sauti, naye maandishi yakaondoka kabla hajamaliza, punguza maneno badala ya kuharakisha. Yasiwekwe chini kabisa, kwa kuwa vitufe vya simu huyafunika.

Ugumu mkubwa uko kwenye picha za maktaba, yaani zilizopigwa kwingine na kuhifadhiwa kwa matumizi ya wengi. Nyingi ni za mchana, ilhali ndovu huvamia mashamba hasa usiku. Nyingine ni za ndovu wa Asia, wenye masikio madogo. Mkazi aliyezoea ndovu wa Tsavo waliojaa vumbi jekundu atatambua mara moja, na huenda akapuuza onyo lote. Heri kipande cha karibu kinachoonyesha miguu au mkonga tu. Kikikosekana, mandhari meusi yenye maandishi yanatosha, pamoja na neno "[Mlio wa ndovu]" pale mlio unaposikika.

Hatari ya pili ni kinyume chake: picha ikifanana sana na Mbololo, mtu anaweza kudhani kundi limeingia kijijini usiku huo na kuisambaza kama habari. Ndiyo sababu maneno "Picha za maktaba" hubaki pembeni muda wote kipande hicho kinapoonekana, hata kama yanaharibu urembo wake.