Kiporo cha wali kinapunguza sukari?

Ukipika wali, chembe za wanga hunyonya maji na kulegea, ndiyo maana mwili huuvunja haraka kuwa glukosi. Ukipoa, sehemu ya wanga huo hujipanga upya na kushikana. Utumbo mwembamba hauwezi kuivunja, hivyo hufika utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Huo ndio wanga sugu.

Sasa, ni mwingi kiasi gani? Utafiti wa Indonesia wa 2015 ulikuta gramu 0.64 katika gramu 100 za wali wa moto, na 1.65 katika wali uliolala kwenye friji saa 24 kisha ukapashwa. Watu 15 wenye afya walipoula huo wa pili, sukari yao ilipanda kidogo kuliko walipokula wa moto.

Lakini piga hesabu: tofauti ni gramu moja tu, na wali huo una wanga kama gramu 28. Mwenye kisukari asijaze sahani eti kwa sababu ni kiporo. Pia usiulaze sufuriani: kuna bakteria wanaostahimili kuchemshwa, na sumu yao haiishi ukiupasha. Uingie kwenye friji ndani ya saa moja.