Kurudi Kazini kwa Awamu Baada ya Ugonjwa wa Muda Mrefu

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi kazini, mara nyingi anachopeleka kwa mwajiri ni karatasi yenye mstari mmoja: apewe kazi nyepesi. Msimamizi anaisoma, anaiweka kwenye faili, na baada ya siku chache mtu yuko palepale alipokuwa kabla ya kuugua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Karatasi haikusema afanye nini, kwa saa ngapi, wala hali yake itaangaliwa tena lini.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Hapo ndipo wengi wanapojilazimisha kurudi: nusu mshahara inapoanza kuuma, mtu anasema amepona. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri, kabla ya kufikiria kumwachisha kazi mgonjwa, aangalie kama kazi yake inaweza kurekebishwa. Mpango wa kurudi kwa awamu ndio urekebishaji wenyewe.

Tuchukue mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, na sasa daktari amemruhusu kuanza kazi. Kabla ya upasuaji alipokea mzigo, alihesabu, alijaza kadi za stoo, alipanda ngazi kufikia rafu za juu, na vibarua walipopungua alinyanyua mifuko ya saruji ya kilo 50. Mpango wake unaanza kwa kuyaorodhesha hayo yote, kisha daktari anaulizwa juu ya kila moja. Mwajiri hahitaji kujua historia yote ya ugonjwa. Anahitaji kujua kwamba mtu huyu asinyanyue zaidi ya kilo tano, asipande ngazi, na asikae zaidi ya nusu saa bila kusimama.

Wiki mbili za kwanza anafanya kazi saa nne kwa siku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akishughulikia kadi na hati za kutolea mali tu. Wiki ya tatu na ya nne anakuja siku tano, saa zilezile nne, kazi zilezile. Wiki ya tano na ya sita saa zinakuwa sita. Kupokea mzigo na kuuhesabu kunarudi wiki ya saba, saa zikiwa bado sita, na wiki ya tisa ndipo anapofikia saa nane. Angalia kwamba kila hatua imeongeza jambo moja tu. Ukiongeza saa na majukumu kwa pamoja, kisha maumivu yakarudi, hutajua kilichoyaleta.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kupunguza saa na kuacha kazi ilivyo. Hati zilizojazwa kwa saa nane sasa zinatakiwa ziishe kwa saa nne, na mgonjwa anazibeba kwenda nazo nyumbani. Kwa hiyo mpango lazima umtaje atakayefanya sehemu iliyobaki. Utaje pia malipo ya saa hizo pungufu, yaandikwe na kusainiwa kabla ya siku ya kwanza.

Kila wiki mbili kuna kikao cha tathmini, cha nusu saa hivi, na tarehe zake zinapangwa tangu mwanzo. Wanakaa mwajiriwa, msimamizi na ofisa rasilimali watu, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akitakiwa. Swali la kwanza lisiwe "unaendeleaje?", kwa maana kila mtu hujibu salama. Aulizwe siku baada ya kazi ikoje: analala vipi, anaamka na maumivu, Jumamosi nzima inaishia kitandani? Uchovu wa kupita kiasi mara nyingi hujionyesha kesho yake.

Tuseme katika kikao cha pili mtunza stoo anasema kila Alhamisi usiku mgongo unamkaza. Wakichunguza, wanagundua Alhamisi ndiyo siku ya lori kubwa, na vibarua wakipungua humwomba asaidie "kidogo tu". Tatizo haliko kwenye saa. Wanaamua abaki hatua ileile wiki mbili zaidi, na vibarua waambiwe mipaka yake. Uamuzi unaandikwa, tarehe zinasogezwa. Kusimama au kurudi hatua moja nyuma si kushindwa kwa mpango, na hakupaswi kuingia kwenye faili la nidhamu.

Mipaka nayo ipo. Tathmini mbili au tatu mfululizo zisipoonyesha mabadiliko, mgonjwa arudi kwa daktari, na mazungumzo yahamie kwenye kazi nyingine ndani ya kampuni.

Kama zamu yako ya kurudi imekaribia, nenda kliniki na orodha ya kazi zako za kila siku, uzito wa unavyobeba ukiwa umeandikwa, na umwombe daktari ajibu mstari kwa mstari.