Jibu moja kwa wazabuni wote

Chalinze, kwenye njia panda ya Morogoro na Tanga, zabuni za mabomba ya maji, barabara na majengo zinawaniwa na wakandarasi wa mji huo pamoja na wale wanaotoka Dar es Salaam. Tangu 2023 zabuni za umma nchini zimehamia kwenye mfumo wa NeST. Mfumo hupeleka taarifa haraka, lakini hauwezi kumwandikia afisa ununuzi jibu la haki.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, halmashauri inataka kulaza bomba la mita 6,000. Mchoro unaonyesha mtaro wa upana wa mita 0.7 na kina cha mita 1.2, yaani mita za ujazo 5,040. Jedwali la vipimo na bei linasema 8,400, kwa kuwa mhandisi alibakiza urefu wa njia ya zamani, mita 10,000. Mzabuni mmoja ameliona kosa, akauliza.

Akijibiwa peke yake, amepewa fedha. Bei yake ya kuchimba ikiwa shilingi 12,000 kwa mita ya ujazo, ataishusha hadi 4,000. Zabuni zikilinganishwa ataonekana nafuu kwa milioni 67.2, ilhali kwenye malipo atapoteza milioni 40.32 tu. Hizo atazirudisha kwa kupandisha bei ya mabomba. Mwishowe atalipwa kile kile, lakini mezani ameonekana wa bei ya chini kwa karibu milioni 27.

Kwa hiyo swali na jibu huenda kwa wazabuni wote siku moja, bila kumtaja aliyeuliza. Kuandika “wazabuni wazingatie mchoro” hakutoshi. Nusu yao watabadilisha kipimo, nusu watakiacha, na zabuni hazitalinganishika tena. Nyongeza itaje namba ya kipengele, kipimo cha zamani, kipya na sababu, kisha jedwali lililorekebishwa liambatanishwe. Aliyekwisha kuwasilisha aambiwe wazi kwamba anaweza kubadilisha zabuni yake kabla ya muda kwisha.

Muda nao una hesabu yake. Nyongeza ikitoka siku mbili kabla ya kufunga, mkandarasi anayesubiri bei ya mabomba kutoka kiwandani hawezi kuimudu. Tarehe isogezwe kwa wote, na ombi la mwingine anayetaka wiki moja kwa sababu benki yake imechelewesha dhamana lisichanganywe humo: sababu ya kusogeza ni vipimo vilivyobadilika. Tarehe na saa mpya ziandikwe kwa ukamilifu.

Wengi husahau dhamana ya zabuni. Uhalali wa zabuni ukihesabiwa kuanzia siku ya kufunga, tarehe ya mwisho ya dhamana husogea pia. Mzabuni aliyekwisha kuichukua benki anaweza kuondolewa kwa upungufu wa siku chache ambao hakuusababisha yeye. Jibu liseme ama dhamana ya awali itakubaliwa ilivyo, ama wote wairefushe hadi tarehe gani.