Hisa za bure na hisa za kulipia

Mwaka 2017 Benki ya Ushirika ya Kenya iliwapa wanahisa wake hisa moja mpya kwa kila hisa tano walizokuwa nazo. Hakuna aliyetoa hata senti. Mwenye hisa 1,000 alijikuta na 1,200, na si ajabu wengi walifurahi. Hiyo ndiyo bonasi, na furaha yake inahitaji kupimwa kidogo.

Hisa za benki hiyo ziliongezeka kutoka takriban bilioni 4.89 hadi bilioni 5.87. Fedha mpya iliyoingia kwenye benki ilikuwa sifuri. Kilichofanyika ni kazi ya wahasibu: kila hisa ina thamani ya shilingi moja iliyoandikwa katika vitabu, hivyo karibu shilingi milioni 978 zilitolewa kwenye akiba ya kampuni na kuandikwa upande wa mtaji wa hisa. Jumla ya mali ya wanahisa haikubadilika. Keki ni ileile, imekatwa vipande vingi zaidi, na kila mtu amebaki na sehemu yake ileile. Ndiyo maana bei ya hisa moja hushuka sokoni mara tu inapoanza kuuzwa bila haki ya bonasi.

Je, wanahisa hawakupata chochote? Walipata, ila kwa mlango mwingine. Gawio la benki lilibaki senti 80 kwa hisa, kama mwaka uliotangulia. Aliyekuwa akipokea shilingi 800 kwa hisa 1,000 sasa alipokea 960. Faida hiyo ilitokana na uamuzi wa bodi kutopunguza kiwango cha gawio; bonasi yenyewe haitengenezi fedha. Anayetaka kujua kama bonasi ina maana kwake na aangalie gawio la mwaka unaofuata.

Toleo la haki ni jambo tofauti kabisa, maana hapo kampuni inaomba pesa. Inawaendea kwanza wanahisa waliopo na kuwauzia hisa mpya, kila mmoja kwa kadiri ya alichonacho, kwa kawaida chini ya bei ya soko. Benki ya CRDB ya Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2015: hisa moja mpya kwa kila tano, kwa shilingi 350. Hisa 435,306,432 zilitolewa, zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 152. Kwa kuwa kila hisa imeandikwa shilingi 25, sehemu ndogo, kama bilioni 10.9, ndiyo inayoingia kwenye mtaji wa hisa, na iliyobaki, baada ya gharama, huandikwa kama ziada ya bei. Safari hii mali ya wanahisa imekua kweli, kwa sababu fedha taslimu zimeingia.

Punguzo la bei huwachanganya wengi, wakidhani wamepewa zawadi. Tuchukue uwiano huohuo na tuseme sokoni hisa inauzwa shilingi 410. Hisa tano ni shilingi 2,050. Ukiongeza moja ya 350 unapata 2,400 kwa hisa sita, yaani 400 kila moja. Asiyefanya lolote amepoteza shilingi 10 kwa kila hisa yake ya zamani. Lakini haki ya kununua kwa 350 kitu cha 400 ina thamani ya 50, na sheria za toleo zikiruhusu, anaweza kumuuzia mwingine haki hiyo kupitia dalali. Mwenye hisa 1,000 ana haki 200, sawa na shilingi 10,000: ndiyo hasara yake yote, imerudi. Anayeumia ni yule anayeiacha fomu kabatini hadi tarehe ipite.

Uwiano ukiwa mkubwa, mambo huwa mazito. Mwaka 2012 Kenya Airways iliuza hisa 16 mpya kwa kila tano, kwa shilingi 14. Mwenye hisa 1,000 alitakiwa kutoa shilingi 44,800 ili asipunguzwe, na wengi hawakuwa nazo au hawakutaka. Kampuni ilitafuta karibu shilingi bilioni 20.7, ikapata kama 14.5. Aliyekuwa na asilimia moja ya kampuni na asinunue alibaki na takriban asilimia 0.31, huku sehemu ya serikali ikipanda hadi karibu asilimia 30.

Hata hivyo, kukaa nje hakukuwa ujinga. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013 shirika lilipata hasara ya karibu shilingi bilioni 7.9, na katika miaka iliyofuata hisa ikashuka chini kabisa ya zile 14. Walionunua walilinda sehemu yao katika kampuni, lakini fedha waliyoongeza iliyeyuka pamoja na ile ya zamani.